Sifuri Isiyotimia: Kwa Nini Jumla ya Desimali Hukosa Kufika Sifuri, na Namna Salama za Kulinganisha Hesabu za Faranga

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kwa nini kompyuta inaweza kutoa salio lisilo sifuri pale ambapo hesabu ya karatasini inatoa sifuri kamili. Mfano unaotumika ni jedwali dogo la fedha la aina inayopatikana katika ofisi za Rohero, Bujumbura. Hoja kuu ni kwamba, kwa faranga ya Burundi, tatizo hili kwa kiasi kikubwa huletwa na kizio kinachochaguliwa kuandikia fedha, wala si na fedha zenyewe. Pia inaonyeshwa kwamba kizingiti cha kulinganishia kisipopimwa kwa faranga kinaweza kuleta madhara makubwa kuliko kosa kilichowekwa kuliziba.

1. Jedwali la mistari mitatu

Rohero, eneo la katikati ya Bujumbura, ndiko kuliko na Benki ya Jamhuri ya Burundi pamoja na ofisi nyingi za utawala na za miradi. Katika ofisi za namna hiyo si ajabu kukuta majedwali ya fedha yameandikwa kwa mamilioni au mabilioni ya faranga. Sababu inaeleweka. Faranga moja ni kiasi kidogo, bajeti ya taifa hufikia matrilioni, na safu yenye tarakimu kumi na tatu haisomeki kwa urahisi katika ripoti. Kwa hiyo faranga 1,100,000 huandikwa 1.1, na kichwa cha jedwali hutaja kwamba kizio ni milioni.

Uchukuliwe mfano uliotungwa kwa ajili ya makala haya. Ofisi moja imepokea faranga 1,100,000 katika awamu ya kwanza na faranga 2,200,000 katika awamu ya pili, kisha imemlipa mkandarasi faranga 3,300,000. Salio ni sifuri. Faili ya hesabu imewekewa sharti kwamba salio likiwa sawa na sifuri faili ipelekwe mbele, na lisipokuwa sifuri faili izuiwe hadi ikaguliwe. Hesabu hiyo ikifanywa kwa lugha ya Python, kwanza kwa mamilioni na kisha kwa faranga, matokeo ni haya:

```
>>> 1.1 + 2.2 - 3.3
4.440892098500626e-16
>>> 1100000 + 2200000 - 3300000
0
```

Mstari wa kwanza unazuia faili, wa pili unaipitisha, ilhali fedha ni zilezile. Maandishi `e-16` yana maana kwamba nukta ya desimali isogezwe nafasi kumi na sita kushoto. Kwa faranga, salio hilo halifiki hata sehemu moja ya bilioni ya faranga moja. Hakuna mtu awezaye kuliiba wala kulilipa, lakini alama ya usawa katika programu haina njia ya kujua hivyo.

(Kuhusu maandishi yenyewe: Burundi, kwa desturi ya Kifaransa, hutenga desimali kwa mkato, ilhali Nairobi na Dar es Salaam hutumia nukta. Makala haya yanafuata nukta kwa kuwa lugha za programu huitaka. Faili inayosafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine ikaguliwe jambo hilo kwanza, kwa sababu 1,100 ya Bujumbura yaweza kusomwa Nairobi kuwa elfu moja na mia moja, na kosa hilo ni kubwa kuliko yote yatakayotajwa hapa chini.)

Ofisi inayokutana na salio la aina hii huelekea kuchukua mojawapo ya njia mbili mbaya. Ya kwanza ni kumtuma karani atafute risiti iliyopotea ambayo haikuwahi kuwapo. Ya pili ni kuzoea kusema kwamba “ni kompyuta tu”, na kulegeza sharti hadi lipitishe kila kitu, pamoja na upungufu wa kweli.

2. Tofauti inatoka wapi

Karibu kompyuta zote za leo huhifadhi desimali kwa utaratibu wa nukta elea uliowekwa katika kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, ambayo msanifu wake mkuu alikuwa William Kahan. Katika umbo lake la kawaida la biti 64, biti moja hubeba alama ya chanya au hasi, biti 11 hueleza ukubwa, na biti 52 hubeba tarakimu. Tarakimu hizo ni za mfumo wa jozi, yaani mfumo wenye 0 na 1 pekee.

Kila msomaji anajua kwamba theluthi moja haina mwisho katika desimali: 0.333 na kuendelea. Ni hivyo kwa sababu 3 haigawi 10 wala 100 wala kipeo kingine chochote cha 10. Katika mfumo wa jozi hatima hiyo huikumba hata sehemu moja ya kumi, kwa kuwa 10 ni 2 mara 5, na 5 haigawi kipeo chochote cha 2. Jambo hili linaweza kuthibitishwa kwa kalamu. Chukua 0.1 na uizidishe kwa 2 mara kwa mara; kila zao linapofika 1 au zaidi, andika 1 na uiondoe, vinginevyo andika 0. Mazao ni 0.2, 0.4, 0.8, 1.6, 1.2, kisha 0.4 tena, na kuanzia hapo mzunguko hauishi: 0.000110011001100… Biti zikiisha, mashine hukata mkia huo na kuchukua namba iliyo karibu zaidi. Kati ya viwango mia moja vya senti, kuanzia 0.00 hadi 0.99, ni vinne tu vinavyohifadhiwa bila kukosea: 0.00, 0.25, 0.50 na 0.75.

Sasa turudi kwenye jedwali. Kinachohifadhiwa kwa 1.1 ni kikubwa kuliko 1.1 kwa takriban 0.000000000000000089. Kinachohifadhiwa kwa 2.2 kimezidi kwa mara mbili ya kiasi hicho, yaani 0.000000000000000178. Kinachohifadhiwa kwa 3.3, kinyume chake, kimepungua kwa 0.000000000000000178. Ziada mbili na pungufu moja zikikutana katika kutoa, hujumlika kuwa 0.000000000000000444, na hicho ndicho kiasi kilichoonyeshwa na mashine.

Linalostahili kuangaliwa ni kwamba katika mfano huu mashine haikukosea popote ilipojumlisha au kutoa. Jumla ya namba mbili zilizohifadhiwa iliangukia hasa juu ya namba inayohifadhika. Kosa lote liliingia mapema zaidi, wakati tarakimu 1.1, 2.2 na 3.3 zilipopigwa. Hii ndiyo sababu mbinu za kujumlisha kwa uangalifu, ikiwamo ile ambayo Kahan aliichapisha mwaka 1965, haziwezi peke yake kurudisha sifuri hapa. Python ina `math.fsum`, inayojumlisha pasipo kupoteza chochote njiani, nayo ikipewa namba hizi tatu hutoa salio lilelile.

Katika majedwali mengine kosa la pili huongezeka, yaani lile la kukadiria kila jumla ya kati. Hapo hata mpangilio wa mistari hubadili jibu:

```
>>> 0.1 + 0.2 - 0.3
5.551115123125783e-17
>>> 0.1 - 0.3 + 0.2
2.7755575615628914e-17
```

Kwa hiyo mtu anayepanga upya mistari ya jedwali kwa tarehe, kisha akaona salio limebadilika, asidhani kwamba kuna aliyeingia na kugusa takwimu.

3. Kile ambacho lahajedwali huficha

Watumiaji wengi wa lahajedwali watasema kwamba hawajawahi kuona jambo hili. Ni kweli, na sababu ni kwamba Excel hulificha kwa makusudi. Hatua ya mwisho ya fomula ikiwa ni kutoa, na jibu likiwa dogo mno likilinganishwa na namba zilizotolewa, programu huandika sifuri. Fomula ikizungushiwa hesabu nyingine, kinga hiyo huondoka:

```
=0.5-0.4-0.1        0
=1*(0.5-0.4-0.1)    -2.78E-17
```

Kuzidisha kwa moja kumebadili sifuri kuwa namba hasi. Matokeo yake ni kwamba seli mbili zinazoonyesha 0 zinaweza kutofautiana zinapotumiwa ndani ya fomula ya sharti, na seli iliyopangwa kuonyesha desimali mbili inaweza kusoma -0.00. Alama hiyo ya kutoa mbele ya sifuri ni dalili nzuri ya kuitambua hali hii. Dalili nyingine ni kutanua muundo wa seli hadi desimali kumi na nane. Tofauti ya kweli huonekana katika tarakimu za kwanza, ilhali tofauti ya mashine huanza karibu na tarakimu ya kumi na sita.

Watafiti wanaotumia Stata wana mtego mwingine, nao unaigusa faranga moja kwa moja. Kigezo kipya kinachoundwa kwa `generate` huhifadhiwa kwa kawaida katika aina ya `float`, yenye nusu ya biti. Aina hiyo huhifadhi namba nzima bila kukosea hadi 16,777,216 pekee. 16,777,217 hugeuka kuwa 16,777,216. Kwa dola kikomo hicho kingekuwa mbali kwa kaya nyingi. Kwa faranga za Burundi, thamani ya nyumba au mauzo ya duka kwa mwaka hukipita kwa urahisi. Dawa ni kuandika `generate double`, au `long` kwa namba nzima zisizozidi takriban bilioni 2.1.

4. Kizingiti kipimwe kwa faranga

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba usiulize kama namba mbili ziko sawa, uliza kama ziko karibu. Ushauri huo ni sahihi, lakini haujakamilika hadi iulizwe: karibu kwa kiasi gani, na kwa kulinganisha na nini?

Kizingiti kisichobadilika, kwa mfano 0.000000001, hufaa kwa namba ndogo. Kwa namba kubwa hakifanyi kazi yoyote, kwa sababu namba zinazohifadhika hazikai kwa umbali uleule. Karibu na 3.3 hatua kutoka namba moja hadi jirani yake ni ile 0.00000000000000044 iliyoonekana hapo juu. Karibu na bilioni 100 hatua ni takriban 0.000015. Karibu na trilioni 4 hatua ni takriban 0.0005. Huko juu, namba mbili zisizo sawa haziwezi kukaribiana kufikia kizingiti hicho, kwa hiyo sharti hugeuka kuwa alama ya usawa iliyobadilishwa jina.

Kizingiti cha uwiano, yaani kinachopimwa kama sehemu ya namba zenyewe, huepuka tatizo hilo lakini kina hatari mbili. Ya kwanza huonekana pale kinapotumiwa dhidi ya sifuri:

```
>>> import math
>>> math.isclose(1.1 + 2.2 - 3.3, 0)
False
>>> math.isclose(1.1 + 2.2, 3.3)
True
```

Sehemu ya kitu kidogo ni ndogo zaidi ya kitu hicho, kwa hiyo hakuna namba isiyo sifuri itakayohesabiwa kuwa karibu na sifuri. Ni lazima pande mbili za mizani zilinganishwe, mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili, kabla ya kutoa.

Hatari ya pili ni nzito zaidi kwa washauri wa sera. Kizingiti cha kawaida cha `math.isclose` ni sehemu moja ya bilioni. Jumla ikiwa faranga trilioni 4, sehemu hiyo ni faranga 4,000, kwa hiyo upungufu wa faranga 3,000 utatangazwa kuwa “sawa”. Katika NumPy, kizingiti cha kawaida cha `allclose` ni sehemu moja ya laki moja. Kwa jumla hiyohiyo ni faranga milioni 40. Hakuna mkaguzi wa hesabu ambaye angekubali uvumilivu wa namna hiyo kama angeulizwa. Tatizo ni kwamba haulizwi, kwa kuwa uvumilivu huo umo ndani ya programu na haukuandikwa na mtu yeyote wa ofisi.

Njia iliyo salama ni kuanzia kwenye fedha. Kiasi kidogo kabisa cha kweli katika faranga ya Burundi ni faranga moja. Kanuni ya ISO 4217 huiorodhesha bila desimali, sawa na faranga ya Rwanda na shilingi ya Uganda, ilhali shilingi za Kenya na Tanzania huorodheshwa kwa desimali mbili. Tofauti isiyofika nusu ya faranga haiwezi kuwa fedha, na tofauti ya faranga moja au zaidi haiwezi kupuuzwa. Kwa hiyo kizingiti ni nusu faranga, ambayo katika jedwali la mamilioni ni 0.0000005. Katika lahajedwali la Kifaransa linalotumika Bujumbura, sharti hilo huandikwa hivi:

```
=SI(ARRONDI(B2+B3-B4;6)=0;"OK";"KAGUA")
```

Sita hiyo ina sababu yake: desimali sita za milioni ni faranga moja. Jedwali la mabilioni litahitaji tisa, na jedwali la shilingi za Kenya lililoandikwa kwa mamilioni litahitaji nane, kwa kuwa huko kuna senti. Anayenakili fomula kutoka jedwali moja hadi jingine bila kubadili tarakimu hiyo amebadili kizingiti bila kujua.

Inabaki kuhakikisha kwamba kosa la mashine lenyewe halifiki nusu faranga. Hesabu yake ni fupi. Jumlisha ukubwa wa mistari yote bila kujali alama za kutoa, zidisha kwa idadi ya mistari, kisha zidisha kwa 0.00000000000000011. Jedwali la mistari 1,000 ambalo ukubwa wake wote ni faranga trilioni 4 hutoa takriban faranga 0.44. Huo ni ukomo wa juu kabisa, na kwa kawaida kosa halisi huwa dogo zaidi kwa mbali, lakini unaonyesha kwamba jedwali hilo liko ndani ya mpaka kwa tabu. Likiwa na mistari 10,000 dhamana haipo tena. Izingatiwe pia kwamba kinachopimwa ni ukubwa wa mistari, si ukubwa wa salio. Salio la sifuri linaweza kuwa limetokana na matrilioni yaliyofutana.

5. Faranga nzima

Dhamana hiyo hupatikana kirahisi zaidi kwa kuacha desimali kabisa. Namba nzima huhifadhiwa katika biti 64 za nukta elea bila kosa hadi 9,007,199,254,740,992, yaani zaidi ya mara elfu mbili ya trilioni 4. Ndani ya mpaka huo kujumlisha na kutoa faranga nzima hutoa jibu kamili, kwa mpangilio wowote wa mistari, na alama ya usawa inaweza kutumiwa bila wasiwasi. Hapa faranga, ambayo udogo wake huonwa kuwa kero, ina faida juu ya dola: haina senti za kupoteza. Jedwali lihifadhiwe kwa faranga, na kugawa kwa milioni kufanywe wakati wa kuchapisha tu. Kwa dola au shilingi za Kenya, kihifadhiwe kiasi cha senti.

Ubadilishaji wa data ya zamani unahitaji uangalifu wa hatua moja. Zao la `4.35 * 100` katika mashine ni 434.99999999999994, na kulikata kwa `int` hutoa 434. Senti moja imepotea, safari hii kwa kweli. Zao likadiriwe kwanza hadi namba nzima iliyo karibu, kwa `round`, ndipo lihifadhiwe. Hifadhidata zenye aina ya `NUMERIC` au `DECIMAL` huepusha hatua hiyo, kwa sababu huhifadhi tarakimu za desimali kama zilivyoandikwa. Hata hivyo aina hizo hazitatui theluthi. Kugawa milioni moja kwa vijiji vitatu hubakiza faranga moja katika mfumo wowote wa tarakimu kumi, na ni lazima iamuliwe kijiji kipi kinaipata.

Uamuzi wa namna hiyo si kosa la mashine, ingawa mara nyingi husingiziwa hivyo. Kodi ya ongezeko la thamani nchini Burundi ni asilimia 18. Bidhaa tatu za faranga 275 kila moja hutozwa faranga 49.5 kila moja. Kila mstari ukikadiriwa kwenda juu, kodi ni 50 mara tatu, yaani 150. Ikikokotolewa juu ya jumla ya 825, kodi ni 148.5, nayo hukadiriwa kuwa 149. Tofauti ya faranga moja imetokana na kanuni mbili za kukadiria, na hakuna kizingiti cha kompyuta kinachopaswa kuimeza. Inapaswa kuandikwa katika mwongozo wa hesabu kwamba kodi hukadiriwa kwa mstari au kwa jumla.

Kanuni hiyo ikiachwa bila kuandikwa, tofauti ndogo hukusanyika upande mmoja. Soko la hisa la Vancouver nchini Kanada lilianzisha fahirisi yake Januari 1982 kwa thamani ya 1,000. Baada ya kila muamala programu ilikata desimali zilizozidi tatu badala ya kuzikadiria. Kufikia Novemba 1983 fahirisi ilisoma takriban 525. Ilipokokotolewa upya ilikuwa takriban 1,099. Kila ukataji haukufika elfu moja ya pointi, lakini yote ilikwenda chini. Ukadiriaji wa kwenda kwenye namba iliyo karibu hukosea juu na chini kwa zamu, na makosa hayo kwa sehemu kubwa hufutana. Ukataji haufutani na chochote.

Kwa jedwali la Rohero, basi, salio la `4.440892098500626e-16` halihitaji karani wala uchunguzi. Salio la 0.000001 katika jedwali hilohilo la mamilioni linahitaji vyote viwili, kwa sababu hiyo ni faranga moja kamili, na risiti yake ipo mahali fulani.